Kanuni, Amri, Tangazo: Jina la Sheria Ndogo Lina Nguvu Gani?

Tarehe 1 Juni 2019 mfuko wa rambo uligeuka kuwa bidhaa haramu Tanzania Bara. Muuza nyanya aliyeufungua mbele ya mteja, na mteja mwenyewe aliyeondoka nao mkononi, wote wawili walikuwa wanatenda kosa la jinai. Kenya walikuwa wametangulia: huko juala lilipigwa marufuku kuanzia tarehe 28 Agosti 2017. Nchi mbili jirani, marufuku moja, mfuko uleule.

Lakini hati zilizoleta marufuku hizo hazifanani kwa jina. Tanzania ilitumia Kanuni, zilizochapishwa Mei 2019 kama Tangazo la Serikali Namba 394. Kenya ilitumia tangazo la waziri la tarehe 28 Februari 2017, lililochapishwa katika Gazeti Rasmi kwa namba 2356. Msomaji wa kawaida akiambiwa hivyo huenda akadhani kwamba Watanzania walipigwa marufuku na sheria, na Wakenya walitaarifiwa tu. Kwani tangazo si kitu cha kubandika ukutani?

Dhana hiyo ina madhara kila upande. Kuna mtu anayepuuza hati inayomfunga kwa sababu imeitwa tangazo, kisha akajikuta mahakamani. Kuna mwingine anayelipa faini ya karatasi isiyo na nguvu yoyote kwa sababu imeandikwa AMRI kwa herufi kubwa. Katika sheria, jina lililoandikwa juu ya hati si chanzo cha nguvu yake. Hata hivyo yapo mazingira ambamo jina hilo linaamua mambo mazito, na mifuko ya plastiki ni njia nzuri ya kuyaona yote mawili.

Nguvu inakotoka

Bunge hutunga sheria, ile tunayoiita sheria mama. Lakini wabunge hawawezi kukaa Dodoma au Nairobi wakaamua unene wa mfuko, ada ya leseni ya bodaboda, au saa za kufungwa kwa soko. Kwa hiyo ndani ya sheria mama huweka kifungu kinachompa waziri, mamlaka au halmashauri uwezo wa kutunga mambo hayo madogo. Kinachotungwa chini ya kifungu hicho kinafunga watu kama sheria. Katiba ya Tanzania inalitamka jambo hili katika Ibara ya 97(5): Bunge halizuiwi kumkabidhi mtu au idara ya Serikali madaraka ya kuweka kanuni zenye nguvu ya kisheria.

Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1 ya sheria za Tanzania, inaeleza nini kinahesabika kuwa sheria ndogo. Inataja amri, tamko rasmi, kanuni, kanuni za mahakama, tangazo, sheria ndogo za halmashauri, na hati nyingine yoyote iliyotungwa chini ya sheria iliyoandikwa. Zote zimewekwa katika kapu moja. Hakuna mahali inaposema kwamba kanuni iko juu ya amri, wala kwamba tangazo liko chini ya zote. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 inayosimamia hati za namna hii nayo inaorodhesha kanuni, amri, maelekezo, viwango vya ada, maazimio, miongozo na nyinginezo, kisha inazishika zote kwa masharti mamoja.

Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya hati yoyote ni hili: imetungwa chini ya kifungu gani? Kwa kawaida jibu liko pale mwanzoni kabisa, kabla ya ibara ya kwanza, ambapo mtungaji anataja sheria mama na kifungu kinachompa uwezo. Mstari huo mdogo ambao watu wengi huuruka ndio roho ya hati nzima. Kanuni za mifuko za Tanzania zinauegemea Usimamizi wa Mazingira, sheria ya mwaka 2004. Tangazo la Kenya linaegemea vifungu vya 3 na 86 vya sheria yao ya mazingira. Kila moja ina mama yake, na ndiyo maana zote mbili ziliwafunga watu.

Angalia pia kilichotokea Tanzania kabla ya Kanuni kutoka. Aprili 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alisimama bungeni akatangaza kwamba mwisho wa mifuko hiyo ni tarehe 31 Mei. Nchi nzima ilisikia. Wenye maduka wakaanza kumaliza akiba zao. Lakini kama askari angemkamata mtu mwezi huo kwa kosa la kubeba mfuko, angekosa kifungu cha kumshtaki nacho, kwa sababu tamko la kiongozi, hata likitolewa bungeni, linatangaza nia ya Serikali. Kosa la jinai lilizaliwa pale Waziri mwenye dhamana ya mazingira, January Makamba, alipotunga Kanuni na zikachapishwa gazetini.

Namba isiyo aina

Hapa kuna mkanganyiko unaowasumbua hata watumishi wa umma. Tanzania kila sheria ndogo ikichapishwa katika Gazeti la Serikali hupewa namba ya Tangazo la Serikali. Kanuni hupewa, amri hupewa, sheria ndogo za halmashauri hupewa. Mtu akikwambia jambo fulani lipo katika Tangazo la Serikali namba kadhaa, amekutajia mahali lilipochapishwa. Hajakwambia bado kama ni kanuni, amri au kitu kingine. Marufuku ya mifuko ni Kanuni zilizochapishwa kwa namba 394. Mishahara ya kima cha chini katika sekta binafsi iliyoanza kulipwa tarehe 1 Januari 2023 iliwekwa kwa Amri, nayo ilichapishwa kama Tangazo la Serikali Namba 687 la 2022.

Amri hiyo ya mishahara inafaa kutazamwa kidogo. Jina lake linaleta picha ya bosi anayemwelekeza mtu mmoja afanye jambo moja. Ukiifungua unakuta majedwali ya mishahara kwa kila sekta, na masharti yaliyomfunga kila mwajiri aliyekuwa ndani ya sekta hizo. Kwa maudhui haina tofauti na kanuni. Imeitwa amri kwa sababu moja tu: sheria ya taasisi za kazi inamwambia waziri apange mishahara kwa njia ya amri.

Kenya wana utaratibu mwingine. Gazeti lao lina mifululizo miwili ya namba. Mmoja ni wa matangazo ya kawaida ya Gazeti: uteuzi, mirathi, hati za ardhi zilizopotea, maamuzi ya mawaziri. Mwingine ni wa matangazo ya kisheria, na humo ndimo sheria ndogo zinatakiwa kuchapishwa. Marufuku ya juala ilitoka katika mfululizo wa kwanza. Wazalishaji wa mifuko hawakukubali, wakaenda mahakamani, na miongoni mwa malalamiko yao lilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Juni 2018 Mahakama ya Mazingira na Ardhi jijini Nairobi ilitupa shauri lao na marufuku ikabaki. Kuitwa tangazo hakukuiangusha.

Majina yalivyogawanywa

Majina haya tumeyarithi kutoka mfumo wa Kiingereza, na huko nako yaliwachosha watu. Mwaka 1932 kamati iliyochunguza madaraka ya mawaziri wa Uingereza, iliyojulikana kwa jina la mwenyekiti wake Donoughmore, ililalamika kwamba majina yanatumiwa ovyo. Ikapendekeza yagawanywe: aina moja ya kanuni iwe kwa masharti yanayoweka haki na wajibu wa watu, nyingine iwe kwa taratibu za kuendesha mashauri, na amri ziwe kwa maamuzi ya kiutendaji. Bunge la Uingereza halikuufuata mgawanyo huo kama sheria kali, ila ulibaki kuwa mazoea ya waandishi wa sheria, nao wakaueneza makoloni.

Mazoea hayo bado yanaonekana kwetu. Taratibu za kukata rufaa zimo katika Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009. Masharti ya mazingira, afya na mawasiliano hutoka kama kanuni za waziri. Uamuzi wa kuanzisha jambo, kutangaza eneo fulani kuwa hifadhi au kusamehe kodi hutoka kama amri au tangazo. Halmashauri hutunga sheria ndogo kwa eneo lake. Kiswahili kimeunganisha zile aina mbili za kwanza katika neno moja, kanuni, na mahakama zetu hazijapata shida yoyote kwa hilo.

Mazoea ni mazoea. Mwandishi akiyavunja, akaita amri kitu ambacho wenzake wangekiita kanuni, hati haifi kwa kosa hilo peke yake. Mahakama huuliza kama mtungaji alikuwa na uwezo, kama alifuata njia aliyopangiwa, na kama alichotunga hakipingani na sheria mama. Hilo la mwisho limeandikwa wazi katika kifungu cha 36 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria: sheria ndogo inayopingana na sheria iliyoizaa, au na sheria yoyote ya Bunge, ni batili kwa kiasi cha kupingana huko.

Pale jina linapoamua

Sasa tuje upande wa pili, ambao wengi wanaosema "jina si kitu" huusahau.

Sheria mama haimwambii waziri tu kwamba anaweza. Humwambia pia aufanyeje huo uwezo. Ikisema jambo fulani litafanywa kwa kanuni, basi lifanywe kwa kanuni. Waziri akiandika barua badala yake, kosa lake ni kuiacha njia aliyoonyeshwa, nalo ni zito kuliko kukosea jina. Njia hiyo huwa na vituo vyake: kuchapishwa katika Gazeti, kupelekwa bungeni, pengine kushauriana na wadau. Anayeikwepa njia amevikwepa vituo vyote.

Mfano mkubwa zaidi ninaoujua unahusu wasichana na shule. Mwaka 2002 Tanzania ilitunga Kanuni chini ya Sheria ya Elimu ya 1978 kuhusu kuwafukuza na kuwaondoa wanafunzi shuleni. Kanuni hizo zinaruhusu kumfukuza mwanafunzi aliyefanya kosa la jinai au kosa dhidi ya maadili, au aliyeingia katika ndoa. Neno mimba halipo katika orodha hiyo ya sababu. Hata hivyo kwa miaka mingi wakuu wa shule walilisoma "kosa dhidi ya maadili" kuwa linamhusu msichana mjamzito, na wasichana wakafukuzwa. Juni 2017 Rais John Magufuli alisema hadharani katika Mkoa wa Pwani kwamba wanaopata mimba hawatarudi shuleni. Kisha Novemba 2021 Wizara ya Elimu ikatoa Waraka wa Elimu Namba 2, ulioruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwemo waliojifungua, kurejea katika mfumo rasmi ndani ya miaka miwili.

Hizo ni hatua tatu, na kila moja ina uzito wake kisheria. Kanuni za 2002 ni sheria ndogo: zina kifungu kilichozizaa, zilitangazwa gazetini, zinafunga. Kauli ya Rais katika mkutano wa hadhara ilibadilisha kabisa yaliyotokea shuleni, ila haikuwa sheria, kwa kuwa hakuna kifungu kilichompa kiongozi uwezo wa kutunga kanuni za shule kwa hotuba. Na Waraka, ambao wasichana wengi waliupokea kwa furaha iliyostahili, ni maelekezo ya wizara kwa watumishi wake. Unamwambia mkuu wa shule afanye nini. Hauwezi kuifuta kanuni, kwa sababu uwezo wa kutunga kanuni unakwenda pamoja na uwezo wa kuirekebisha au kuifuta, na wote hutumika kwa namna ileile: kanuni hubadilishwa kwa kanuni.

Maana yake kwa msichana ni hii. Akirudi shuleni kwa waraka, anarudi kwa hisani ya sera ya siku hiyo. Waziri mwingine anaweza kuufuta waraka asubuhi moja bila Bunge kujua na bila kuchapisha chochote gazetini. Akirudi kwa kanuni iliyorekebishwa, waziri anayetaka kumwondolea haki hiyo atalazimika kutunga kanuni nyingine, kuichapisha na kuipeleka bungeni. Ndiyo maana watetezi wa haki za watoto waliendelea kudai kanuni za 2002 ziguswe zenyewe hata baada ya waraka kutoka. Nakubaliana nao kabisa. Haki ya mtoto kusoma isiwekwe katika karatasi ambayo ofisa mmoja anaweza kuitengua.

Vituo vya njiani

Jina linaamua pia nani ataikagua hati. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria kinataka kanuni ziwekwe mezani bungeni ndani ya siku sita za vikao baada ya kuchapishwa, na Bunge likipitisha azimio la kuzikataa, hukoma kutumika. Bunge la Tanzania lina Kamati ya Sheria Ndogo kwa kazi hiyo, na mara kwa mara taarifa zake zimeonyesha hati zinazokwenda kinyume na sheria mama. Kenya mpaka wake ni siku saba za vikao, na wao wameweka adhabu kali zaidi: hati isiyofikishwa bungeni kwa wakati inakufa siku ileile muda unapokwisha, ingawa yaliyokwisha kufanyika chini yake hayabatilishwi.

Kenya wana jambo jingine ambalo Tanzania haina. Hati inayohesabika kuwa sheria ndogo hufa yenyewe miaka kumi baada ya kutungwa, isipokuwa imefutwa mapema au imeongezewa muda. Hapo unaona kwa nini mwanasheria wa Nairobi hubishana kwa saa nzima kama karatasi fulani ya waziri ni sheria ndogo au ni uamuzi wa kiutawala tu. Anachotaka kujua ni kama hati ilipaswa kupita bungeni, kama umma ulipaswa kusikilizwa, na kama ina siku ya kufa. Jibu linapatikana kwa kusoma hati inafanya nini na imetolewa chini ya uwezo gani.

Turudi kwenye mifuko, kwa sababu umbo la hati lilileta tofauti kubwa mahali ambapo wananchi wanaumia: adhabu. Kanuni za Tanzania zimebeba adhabu zake zenyewe, na zimezipanga kwa ngazi. Anayepatikana na mfuko au kuutumia hulipa kati ya shilingi 30,000 na 200,000 au kifungo kisichozidi siku saba. Anayeuuza hulipa kati ya shilingi 100,000 na 500,000 au kifungo kisichozidi miezi mitatu. Mwenye kiwanda na mwagizaji wamewekewa mamilioni. Tangazo la Kenya lilikuwa fupi, likatamka marufuku bila kupanga ngazi za makosa. Adhabu ikabidi iazimwe kutoka kifungu cha jumla cha sheria mama, cha 144, nacho kinaanzia shilingi milioni mbili za Kenya na kuishia milioni nne, au kifungo cha kati ya mwaka mmoja na miaka minne. Kwa mwandiko wa sheria, mama mboga mwenye majuala machache alisimama mbele ya kiwango kilekile na mwenye mashine ya kuyatengeneza.

Marufuku zote mbili zilikuwa na nguvu sawa. Lakini kanuni huandikwa kwa nafasi ya kutosha kupima makosa na kuyatenganisha, ilhali tangazo la aya chache halina nafasi hiyo. Waziri anayechagua njia fupi anaokoa wiki kadhaa za kuandika, na gharama yake inalipwa na mtu wa chini kabisa katika biashara.

Hata hivyo tusiidharau hati fupi. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutoa taarifa kwa umma ya bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa Tanzania Bara. Jina lake ni la unyenyekevu kuliko yote: taarifa. Lakini mwenye kituo anayeuza juu ya bei hiyo anaadhibiwa, kwa sababu kanuni za upangaji bei chini ya Sheria ya Petroli zinasema bei itakayotangazwa ndiyo ukomo. Taarifa imeazima meno ya kanuni, na kanuni zimeazima ya sheria mama.

Bango sokoni

Tuseme sasa unauza dagaa katika soko la wilaya, na asubuhi moja unakuta bango limebandikwa getini: AMRI. KUANZIA LEO USHURU WA KIZIMBA NI SHILINGI 2,000 KWA SIKU. Limepigwa muhuri. Mkusanyaji anakuja na kitabu.

Ushuru wa halmashauri hauwekwi kwa muhuri. Sheria za serikali za mitaa zinazipa halmashauri uwezo wa kutoza ada na ushuru kwa kutunga sheria ndogo, na sheria ndogo ya halmashauri ya wilaya ina njia yake: wakazi wa eneo wanatangaziwa kusudio ili watoe maoni au pingamizi, madiwani wanapitisha, waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa anaridhia, kisha inachapishwa katika Gazeti la Serikali. Kijijini njia ni fupi kidogo: halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu wa kijiji unajadili, na halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Kwa hiyo bango linaweza kuwa moja ya vitu viwili. Linaweza kuwa linawakumbusha watu kiwango kilichomo katika sheria ndogo iliyopita vituo vyote hivyo, na hapo unadaiwa kweli, hata kama aliyeandika bango alikosea akaliita amri. Au linaweza kuwa limetoka ofisini jana jioni, na hapo hata lingeitwa sheria ndogo lisingekuwa kitu.

Namna ya kutofautisha si ya kugombana na mkusanyaji, ambaye mara nyingi hajui zaidi ya alichoambiwa. Nenda kwa ofisa mtendaji wa kata, au kwa mwanasheria wa halmashauri, uulize mambo mawili: ni sheria ndogo ipi, na ni Tangazo la Serikali namba ngapi la mwaka gani. Ukipewa namba, tafuta hati yenyewe. Ofisi ya halmashauri inapaswa kuwa na nakala, na sheria ndogo nyingi za Tanzania ziko bure katika tovuti ya TanzLII, kama za Kenya zilivyo katika tovuti ya Kenya Law. Soma mstari wa juu unaotaja kifungu, kisha tafuta jedwali la viwango, mara nyingi mwishoni, uone kama shilingi 2,000 imo. Ikiwa jedwali linasema 500, unadaiwa 500.

Ukiambiwa hakuna namba, ila ni maagizo kutoka juu, omba maagizo hayo kwa maandishi, chukua stakabadhi ya kila utakacholipa, na upeleke suala hilo kwa diwani wako. Baraza la madiwani ndilo lenye uwezo wa kutunga ushuru huo, na diwani ana haki ya kuuliza katika kikao ni lini waliupitisha.